Tsavoraiti ya kijani kwa simu, nyeusi mkononi: ni muuzaji ama ni kamera?

Pete_ya_Deni (Jumatatu, saa 2:40 usiku)

Wasee, naomba wanaojua mawe wanisaidie kabla sijagombana na mtu bure. Nilikuwa natafuta tsavoraiti, ile ganeti ya kijani, ya kuweka kwa pete, juu zumaridi bei yake mnaijua, nikapewa namba ya jamaa wa upande wa Voi. Tumechat kama wiki mbili hivi, akanitumia picha nne na video ya jiwe la kareti 1.32, limekatwa umbo la yai, na mazee hilo jiwe lilikuwa linawaka, kijani kama jani changa la mgomba ukiliangalia jua likiwa nyuma yake. Nikatuma 85,000 kwa awamu mbili. Ijumaa limefika na basi, nikafungua kile kikaratasi nikiwa bado ndani ya mathree ya kurudi Umoja, nikadhani amenitumia mbegu ya papai. Nyeusi! Ukiliinua kwa dirisha ndio unaona ukijani kwa mbali. Nimempigia anasema jiwe ni lile lile, hajabadilisha. Sasa swali langu, inawezekana picha idanganye hivyo ama nimechezwa?

---

Buda_Kokoto (saa 2:52 usiku)

Mimi nimeingia hapa nikidhani ni mawe ya kujenga, nikashangaa 85k ni lori ngapi. Pole lakini.

---

shangazi_kileleshwa (saa 3:05 usiku)

Pole sana mwanangu. Usibishane na yeye, peleka jiwe Madini House pale barabara ya Machakos wakupimie kama ni tsavoraiti ama ni chupa ya soda. Mimi dada yangu aliuziwa glasi.

---

Pete_ya_Deni (saa 3:11 usiku)

Asante shangazi, lakini sidhani ni glasi, nimelionyesha fundi mmoja mtaani akasema ni ganeti. Shida yangu ni rangi, haifanani na picha hata kidogo.

---

lenzi_ya_mtaa (saa 3:30 usiku)

Mimi hupiga picha za harusi so hii najua. Shida ni watsapu. Ukituma picha inaibana mpaka rangi zinapotea. Mwambie akutumie kama dokumenti, ama apige RAW, ile picha ambayo simu haijaichakata. Hiyo tu, hakuna kitu ingine.

---

Kibano (saa 4:02 usiku)

Lenzi, uko sawa kwamba atume kama dokumenti, lakini watsapu haiwezi kugeuza mbegu ya papai ikawa jani la mgomba. Inapunguza ukali wa picha na kuchafua rangi kidogo kwenye kingo. Makosa makubwa yanatokea kabla picha haijatoka kwenye simu ya muuzaji.

Nimekaa kwenye meza ya sonara hapa mjini zaidi ya miaka 20, na hili swali huniletea mteja karibu kila mwezi. Pete, nijibu mambo mawili. Kwenye hizo picha, jiwe limewekwa juu ya nini? Na kuna yoyote ambayo amelishika kwa vidole?

---

Pete_ya_Deni (saa 4:10 usiku)

Mbili liko kwa kitambaa cheusi, kama velveti. Mbili amelishika kwa vidole nje, na video pia ni vidole, analizungusha.

---

Kibano (saa 4:41 usiku)

Basi umepata majibu yote mawili.

Kitambaa kwanza. Simu haijui kwamba unapiga picha ya jiwe. Inaangalia picha nzima, inaona weusi mtupu umejaa, inafikiri "hapa kuna giza", inaongeza mwanga mpaka ule weusi uanze kuwa kijivu. Jiwe lako ni kitu kidogo katikati, nalo linaongezewa mwanga huo huo. Jiwe lenye kijani kizito linatoka kijani cha kupendeza. Weka jiwe hilo hilo kwenye karatasi nyeupe, simu itaona weupe umezidi, itapunguza mwanga, na jiwe litatoka jeusi kuliko lilivyo. Picha zote mbili ni za uongo, ila moja inauza na nyingine haiuzi, ndiyo maana hujatumiwa ile nyingine.

Vidole sasa. Fungua tena ile picha uvute karibu, usiangalie jiwe, angalia ngozi. Kama kingo za vidole vyake zinang'aa wekundu, kama mtoto anapofunika tochi na kiganja, basi mwanga ulikuwa nyuma ya jiwe. Hapo unaona mwanga uliopita moja kwa moja katikati. Ukishalifunga kwenye pete hakuna mwanga unaotoka nyuma, unaingia kwa juu, unagonga kuta za chini na kurudi juu. Safari yake ndani ya jiwe ni ndefu zaidi, na rangi inazidi kuwa nzito. Tsavoraiti ikiwa na rangi kali na ikakatwa nene, mwanga mwingi unaishia humo ndani.

---

Pete_ya_Deni (saa 4:55 usiku)

Woiye. Nimevuta karibu. Vidole vinang'aa kama makaa 😭

---

Mwana_wa_Mwatate (Jumanne, saa 12:20 asubuhi)

Ndugu zangu, mimi ni dalali wa mawe huku Taita na nataka kutetea watu wetu kidogo. Kulishika jiwe kwa jua si ujanja wa kumwibia mtu. Sisi tangu tukiwa wadogo jiwe ghafi linaangaliwa hivyo hivyo, unalilowesha mate ama maji, unaliinua kwa jua, unaangalia kama kuna ufa ndani na rangi imetulia ama ina mabaka. Huwezi kununua ghafi bila kuliinua. Sasa kijana akipata jiwe lililokatwa analipiga picha kwa mazoea yale yale. Si lazima awe mwizi.

Na tsavoraiti ni yetu, hilo jina lenyewe Tiffany, wauza vito wa Marekani, walilitoa 1974 kwa sababu ya Tsavo, kwa hivyo msituharibie sifa.

---

Kibano (saa 1:15 asubuhi)

Mwana wa Mwatate nakubali kabisa, sikusema ni mwizi. Kuinua ni kwa kutafuta nyufa kwenye ghafi. Lakini jiwe lililokatwa linaangaliwa likiwa limelala, uso juu, kama litakavyokaa kwenye kidole cha mtu. Ukiuza kwa picha ya kuinuliwa umeuza kitu ambacho mnunuzi hatakiona tena mpaka pete ivunjike.

---

lenzi_ya_mtaa (saa 2:30 asubuhi)

Sawa nimekubali kuhusu watsapu. Lakini hiyo ya kitambaa inatibika rahisi, kwa simu nyingi za Android kuna `Pro`, unafunga kila kitu mwenyewe. Weka `ISO` 100, spidi 1/60, na `WB`, yaani rangi ya mwanga, 5500K, na usiguse tena. Pete jaribu leo mchana uone, piga kwa kitambaa cheusi alafu kwa karatasi, kwanza kwa oto, alafu kwa Pro. Usiwashe flashi.

---

Pete_ya_Deni (saa 8:48 mchana)

Nimefanya wakati wa lanchi, mezani karibu na dirisha la ofisi, jua haliingii moja kwa moja. Nimetumia soksi nyeusi juu sina velveti, msinicheke.

Oto kwa soksi: kijani kimetoka kizuri, karibu kama picha ya jamaa. Oto kwa karatasi ya printa: nyeusi kabisa, katikati kuna kijani kama chupa ya bia. Nikaangalia hizo mbili pamoja nikaona hata mimi naweza kuuzia mtu hili jiwe mara mbili kama mawe mawili.

Pro kwa soksi na Pro kwa karatasi: sasa yamefanana! Si sawa sawa kabisa lakini yeyote angesema ni jiwe moja. Na yote mawili ni ya kijani kizito. Alafu nikaweka tochi ya simu ya kolegi chini yake, ikawa jani la mgomba tena. So jamaa hajabadilisha jiwe. Nimemtumia meseji ya pole kidogo, lakini jiwe bado silitaki.

Swali ingine, kwa simu ya kolegi picha zangu zote zinaonekana za kijani zaidi kuliko kwa simu yangu. Kwa nini?

---

lenzi_ya_mtaa (saa 9:05 mchana)

Angalia setingi za skrini yake. Kama ni Samsung itakuwa kwa `Vivid`, mwambie aweke `Natural`. Kama ni aifoni zima `True Tone` ukiwa unaangalia mawe, inabadilisha rangi ya skrini kulingana na taa za chumba.

---

Kibano (saa 11:20 jioni)

Kazi nzuri Pete, na soksi si mbaya. Niongeze moja kuhusu skrini kwa sababu watu husahau. Kijani kikali cha tsavoraiti safi kinapita uwezo wa skrini nyingi. Simu inakibana kiingie pale inapoweza, na unaona dalili yake: ndani ya jiwe panakuwa na sehemu kubwa ya kijani kimoja kimelala kama rangi ya nyumba, hakuna miale, hakuna tofauti ya kina. Ukiona hivyo jua hapo picha imeishiwa, usiitumie kuamua lolote, hata kwamba ni nzuri.

---

shangazi_kileleshwa (saa 1:40 usiku)

Sasa mbona mimi sikununua kwa picha na bado nikadanganywa? Nilinunua tanzanaiti dukani, nimeishika kwa mkono wangu, bluu kama wino wa kalamu. Kufika nyumbani, sebuleni nina zile balbu za manjano, imegeuka zambarau. Nikipiga picha ndio inarudi bluu. Mume wangu anasema naona vibaya.

---

Kibano (saa 2:15 usiku)

Dada yangu, mume wako akuombe radhi. Tanzanaiti ina rangi zaidi ya moja ndani yake, inategemea unaiangalia upande gani na chini ya taa gani. Taa nyeupe za duka zinaita bluu, balbu ya manjano inaita zambarau. Na kamera nyingi za simu huisukuma ile zambarau kwenye bluu, kwa hiyo picha yako inakubaliana na duka, si na macho yako. Kabla ya kununua ungetoka nayo mlangoni, alafu ukaiangalia tena chini ya balbu ya kawaida. Muuzaji akikataa utoke nayo mlangoni, hilo ni jibu.

---

ganeti_ya_Umba (saa 3:33 usiku)

Hapo kwa taa ndio penye utamu. Mimi nauza ganeti zinazobadilika rangi, zile za bonde la Umba, mchana bluu-kijani, kwa balbu zambarau-nyekundu. Ushauri wa lenzi wa kufunga `WB` 5500K ndio sahihi, mimi nafunga hivyo mchana na usiku na wateja wanaona mabadiliko vizuri kabisa.

---

Kibano (saa 4:00 usiku)

Ngoja hapo. Ukifunga 5500K alafu ukapiga chini ya balbu ya manjano, picha nzima inakuwa chungwa. Meza chungwa, vidole chungwa. Hata jiwe lisilobadilika chochote litaonekana limeelekea wekundu. Lenzi alisema afunge kwa sababu taa ni moja na kinachobadilika ni kitambaa tu. Wewe unabadilisha taa.

---

ganeti_ya_Umba (saa 4:12 usiku)

Na nikiacha oto inajaribu kuirudisha taa ya manjano iwe nyeupe, inapunguza mabadiliko ambayo mteja angeyaona kwa macho. Nifanye nini sasa? Macho ya mtu pia yanazoea taa, si kama 5500K na si kama oto. Yako katikati.

---

lenzi_ya_mtaa (saa 4:20 usiku)

Nimekwama hapo kusema kweli.

---

Kibano (saa 4:47 usiku)

Sina jibu safi pia. Ninachofanya kama mnunuzi ni kudai kipande cha kadi ya kijivu ndani ya picha, zile za wapiga picha. Kwenye picha ya balbu naangalia kadi kwanza. Kama kadi imekuwa chungwa, ule wekundu wa jiwe siuhesabu wote. Kama kadi imebaki kijivu na bado jiwe limegeuka, hapo kuna kitu. Karatasi ya printa si nzuri kwa kazi hii, nyingi zina dawa ya kung'arisha inayozifanya ziegemee ubluu kwenye mwanga wa mchana.

---

Pete_ya_Deni (Jumatano, saa 4:15 asubuhi)

Sasa mimi nirudi kwa shida yangu. Jamaa wa Voi amekubali nirudishe, anachagua mengine matatu ya karibu kareti moja, nichague. Nitachagua aje tena kwa picha? Sina nauli ya kwenda na kurudi na pia sina off. Nimwambie apige karibu na dirisha la kaskazini? Nimesoma mahali mafundi wa mawe wanatumia mwanga wa kaskazini.

---

Kibano (saa 7:05 mchana)

Hiyo ya kaskazini iliandikwa na watu wa Ulaya, kwao jua halifiki upande huo. Sisi tuko karibu na mstari wa ikweta. Kuanzia mwisho wa Machi hadi Septemba hivi jua la saa sita liko upande wetu wa kaskazini, kisha linahamia kusini. Kwa hiyo usimpe dira, mwambie kivulini, mlangoni ama barazani, penye anga wazi lakini jua halimgusi, kati ya saa tatu na saa tano asubuhi. Na asisimame chini ya mti wala karibu na ukuta wa rangi. Nimewahi kuona picha za mawe ya kijani ya kuvutia, kumbe kijani kingine kilitoka kwa turubai ya kibanda.

Sasa sikiliza, jambo la maana zaidi ni hili. Usijaribu kujua rangi kamili ya mawe matatu kutoka kwa picha, hata akifunga setingi zote, kamera yake na skrini yako bado zitaongeza yao. Jaribu kujua *tofauti*. Wewe tayari una jiwe moja unalolijua kwa macho. Hilo unalolichukia. Likifika kwake, liwekwe katikati ya yale matatu, picha moja, kitambaa kimoja cha kijivu, yote yamelala uso juu. Simu ikidanganya itayadanganya yote manne pamoja. Utaona lipi ni jepesi kuliko lako na kwa kiasi gani, na lako unalijua.

---

Mwana_wa_Mwatate (saa 7:30 mchana)

Hii nimeipenda. Sisi kwa mizani ya soko tunafanya hivyo, una jiwe lako mfukoni la kulinganisha.

---

lenzi_ya_mtaa (saa 7:41 mchana)

Ongeza hii: akishapiga moja, abadilishe nafasi za mawe, la kushoto liende kulia, apige tena. Mwanga hauji sawa pande zote. Na asikaribie sana na lenzi pana, jiwe la pembeni linaangaliwa kwa mshazari na linabadilika. Arudi nyuma kidogo avute zumu ya mbili.

---

Kibano (saa 7:58 mchana)

Sahihi. Na ukubwa usitofautiane sana. Jiwe dogo la rangi ile ile huonekana jepesi, kwa sababu mwanga hausafiri mbali ndani yake. Ukilinganisha nusu kareti na yako ya 1.32 utafikiri umepata rangi bora, kumbe umepata udogo.

---

Pete_ya_Deni (Jumanne iliyofuata, saa 1:25 usiku)

Apdeti. Nimekata kadi ya kijivu ya lenzi (asante bro, chai ni juu yangu) nikamtumia jamaa kipande pamoja na jiwe kwa basi. Mwanzo alinuna, akaona kama namfundisha kazi, alafu akafanya. Amenitumia picha sita kama dokumenti.

Yangu iko hapo katikati nyeusi kama kawaida. La kwanza, 1.05, ni zito karibu kama langu, na hili ndilo alilokuwa akilisifu zaidi kwa picha za vidole. La pili, 1.11, ni jepesi wazi kwa picha zote sita, hata akibadilisha nafasi. La tatu, 0.98, ni jepesi zaidi ya yote lakini katikati limefunguka, unaona kitambaa kupitia jiwe, kama dirisha.

Nimechukua la pili. Imefika leo. Ni zito kuliko lilivyoonekana kwa simu yangu, lakini ukiliweka kwa soksi na mwanga wa dirisha ni kijani, si mbegu ya papai. Anabaki na deni yangu ya 12,000 ya tofauti ya bei, tumekubaliana mwisho wa mwezi.

---

Kibano (saa 2:10 usiku)

Liangalie pia usiku chini ya taa ya nyumbani kabla hujampa fundi alifunge. Na mwambie asilizibe chini, aache tundu wazi.

---

ganeti_ya_Umba (saa 2:31 usiku)

Mimi lakini ile ya ganeti bado hatujamaliza.

---

Buda_Kokoto (saa 2:33 usiku)

So bibi amesema ndio ama bado?

---

Pete_ya_Deni (saa 2:50 usiku)

Bado sijamwonyesha. Nimemtumia picha tu, akauliza mbona limefifia.